Uzoefu wangu na arashe ya miguu mitatu: kutoa puli kwenye moteri ya kinu

Arashe ninayoitumia kuvuta puli kwenye shafti ni ya inchi 6, ya miguu mitatu, ile ya kawaida inayouzwa soko la Kadutu bila sanduku wala karatasi ya maelezo. Kwa moteri za vinu vya mahindi na mihogo hapa Bukavu inatosha, ukiisaidia na moto kidogo. Bila moto inatoa puli mpya tu. Puli iliyokaa miaka mitano kwenye unyevu wa karibu na ziwa haiendi popote, na ukizidi kukaza kwa nguvu, utakachotoa ni kipande cha puli.

Kazi ninayoieleza ni ya moteri ya kilowati 5.5, kibati kinasoma saizi 132S. Shafti yake ni ya milimita 38, imetoka nje milimita 80. Puli ni ya fonti, mifereji miwili ya mikanda, kipenyo milimita 200, ina mikono mitatu kati ya kitovu na ukingo. Kitovu kina urefu wa milimita 60, na aliyeifunga aliisukuma ndani mpaka shafti ikachomoza milimita 9 kwa mbele. Pima hiyo 9 na uiandike kwenye ukuta wa kinu kabla ya kugusa kitu. Usipofanya hivyo, siku ya kurudisha mikanda itakwenda upande na utamsingizia muuza mikanda.

Moteri itolewe kwanza nje ya nyumba ya kinu, nyaya zikiwa zimekatwa umeme na kufunguliwa. Unga ulio hewani na ulioganda kwenye mbao unashika moto, na hapa tunakwenda kuwasha shalumo.

Sasa tafuta visi ya kufunga iliyo kwenye kitovu, juu ya klaveti, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isizunguke peke yake kwenye shafti. Kwenye puli hii ilikuwa ya milimita 10, inafunguliwa na kle alen ya 5. Ikishatoka, usishangilie: mulika tundu kwa tochi. Mafundi wengi huweka visi mbili kwenye tundu moja, ya juu ikiizuia ya chini isilegee. Hapa ya pili ilikuwepo, imejificha chini ya vumbi la kutu kiasi kwamba ilionekana kama ndiyo klaveti yenyewe. Puli nyingi za fonti zinapasuka kwa sababu hiyo: mtu anavuta, visi ya chini inashikilia klaveti, naye anasema kutu ni kali.

Ncha ya visi kubwa ya arashe usiielekeze moja kwa moja kwenye shimo la katikati ya shafti. Kwa shafti ya 38 shimo hilo mara nyingi lina uzi wa M12, na ncha ikilisukuma inaponda uzi ambao utauhitaji wakati wa kurudisha puli. Chukua bulonge fupi ya M12, ikaze mpaka kichwa chake kikalie uso wa shafti, kisha piga alama ya katikati kwa puwensoni. Ncha ya arashe itakaa hapo. Kichwa cha bulonge ni chembamba kuliko tundu la puli, kwa hiyo puli itapita juu yake bila kugusa.

Kucha za arashe zipite kati ya mikono ya puli zishike nyuma ya kitovu. Kamwe zisishike ukingo wa mifereji ya mikanda. Fonti inavumilia kubanwa ila haivumilii kukunjwa, na ukivuta kwenye ukingo, mkono mmoja unakatika ghafla. Hapa ndipo arashe ya bei ndogo ilinipa shida: nafasi nyuma ya kitovu ilikuwa milimita 11, na kucha zake zina unene wa 8. Zilipita, lakini ingekuwa 7 nisingefanya kitu. Wapo wanaozisaga kwa jiwe la meli ili ziwe nyembamba. Mimi siwezi kusimama mbele ya arashe ya namna hiyo ikiwa imekazwa.

Paka gresi kwenye uzi wa visi kubwa, hata kama ni mpya. Kavu inakula nguvu zako zote na inajila yenyewe. Kaza kwa kle ya kawaida, mkono mmoja, bila kuongeza bomba, mpaka isikike imebana vizuri, halafu acha. Hakikisha miguu yote mitatu imekaza sawa. Mmoja ukiwa umelegea, puli inavutwa upande na inajifunga zaidi.

Ndipo moto. Kama uliweka mafuta ya kulainisha kutu tangu jana, yapanguse kwanza. Funga kitambaa chenye maji kwenye shafti nyuma ya kitovu, upande wa rulma, kwa sababu mpira wa rulma na gresi yake ndivyo vinavyoharibika mapema. Shalumo ya mtungi mdogo wa gesi inatosha. Zungusha mwali kwenye kitovu pekee, pande zote, ukikwepa kucha za arashe na ncha ya shafti. Kwenye kazi hii ilichukua kama dakika tatu.

Hesabu yake si ngumu. Fonti ya tundu la milimita 38 ikiwa na joto la digrii 80 zaidi ya shafti, inapanuka kama sehemu tatu za mia za milimita, yaani 0.03. Ni kidogo sana, lakini puli nyingi zinaingia kwa kubana chini ya hapo, na upanuzi huo pia unavunja ukoko wa kutu. Neno muhimu ni «zaidi ya shafti». Ukipasha polepole kwa dakika kumi na tano, shafti nayo inapata moto, inapanuka pamoja na puli, na umechoma gesi bure.

Kupima, dondosha tone la maji kwenye kitovu. Likichemka na kukauka papo hapo, joto linatosha. Likigeuka shanga na kukimbia huku na huku, umezidisha, ondoa mwali.

Zima shalumo na uguse kle mara moja, robo mzunguko. Kilichotokea hapa ni mlio mmoja mkavu, «tak», na kle ikawa nyepesi ghafla. Hapo puli imesogea labda milimita moja, na kazi iliyobaki ni kuzungusha tu. Usipousikia mlio huo baada ya nusu mzunguko, usiendelee kukaza. Acha ipoe yenyewe, angalia tena tundu la visi, rudia moto. Nyundo juu ya visi kubwa ya arashe ni marufuku: pigo linaenda moja kwa moja kwenye vidonge vya rulma, na mwezi ujao moteri inaimba. Maji juu ya puli yenye moto nayo ni marufuku, fonti inapasuka.

Baada ya kutoka, klaveti ilionyesha kidonda kilichoachwa na visi, kimeinua chuma kidogo. Kisawazishe kwa tupa laini kabla ya kurudisha, la sivyo kitakwaruza mfereji wa klaveti kwenye tundu.

Ukikuta puli yenye kitovu cha ndani kilichochanwa, chenye matundu ya visi mbele yake, weka arashe pembeni. Hiyo inafunguka kwa kuhamisha visi zake kwenye tundu lenye uzi upande wa kitovu cha ndani na kukaza. Kuivuta kwa kucha kunaibana zaidi.

Arashe yenyewe, baada ya kazi kama ishirini, pini zinazoshika miguu zimeanza kulegea na ncha ya visi kubwa imekuwa bapa. Pini nimezibadilisha kwa bulonge ngumu za 8.8. Ncha niliichonga upya kwa tupa, lakini tupa ilikula kirahisi mno, na hiyo inaonyesha kwamba chuma chake hakikugumishwa kama inavyopaswa. Kwa moteri kubwa kuliko hii, ya kilowati 11 kwa mfano, ningetafuta ya inchi 8 yenye ncha ambayo tupa inateleza juu yake.