Kodliva niliyouziwa Kampala: kibandiko cha bei kilifunika kipimo

Sikuwa na nia ya kuandika chochote, lakini hasira haijaisha. Naandika juu ya duka moja la dawa katikati ya Kampala, sitalitaja, na mafuta ya ini la samaki waliyotuuzia, haya ambayo kila nyumba inayaita kodliva.

Kwetu Arua kodliva si kitu kigeni. Bibi alikuwa na chupa yake kabatini, na mtoto akipona surua au kikohozi kirefu anapewa kijiko kidogo cha chai kwa siku chache, kisha chupa inafungiwa. Tulilia kwa ile harufu lakini tulikunywa. Kwa hiyo wifi yangu alipolalamika kwamba mwanawe, wa miaka mitatu hivi, hali vizuri na anakonda, mimi ndiye niliyesema tukanunue. Tulikwenda pamoja, sikumbuki ni mwezi gani, mvua zilikuwa zinaanza.

Chupa ilitolewa kwenye katoni kubwa, haina boksi lake, haina kile kikombe cha plastiki cha kupimia. Nikamuuliza binti wa dukani, "Dada, mtoto wa miaka mitatu anapewa kiasi gani?" Hakuinua macho kwenye simu. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni." Nikauliza, kijiko kipi? Akanijibu, "Mama, hii si dawa, ni chakula tu, haiwezi kumdhuru mtu. Kuna watu wanangoja nyuma yako." Halafu, kwa kuwa wifi alikuwa mjamzito, akamwambia na yeye awe anakunywa, mtoto wa tumboni atakuwa na akili. Hayo aliyasema kwa furaha kabisa.

Wifi akatumia kijiko kilichokuwa mezani, kile kikubwa cha kulia wali. Kila mama angefanya hivyo.

Miezi michache baadaye mtoto alianza kutapika asubuhi na kushika kichwa. Tukadhani malaria. Kipimo kikasema hana, lakini akapewa dawa za malaria hata hivyo, mnajua mambo yalivyo. Hali haikubadilika. Midomo ikapasuka pembeni ikatoa damu, ngozi ya viganja ikaanza kubanduka vipande vyembamba, nywele zikabaki kwenye mto. Kilichonitisha zaidi ni miguu: ukimshika chini ya goti ili umvishe suruali, analia kwa uchungu. Mtoto aliyekuwa anakimbia uani akawa anataka kubebwa.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja wa makamo kwenye kituo cha afya. Hakuanza na sindano. Alisema, "Shangazi, rudini nyumbani mniletee kila chupa anayotumia huyu mtoto, hata ya kikohozi." Tulipoiweka kodliva mezani akaigeuza, akaona kibandiko cha bei, akakibandua taratibu kwa ukucha. Chini yake palikuwa na mstari wa kipimo. Bei ilikuwa imebandikwa juu ya mstari huo hasa.

Akachukua kalamu akatufanyia hesabu, nami naiandika hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kunifanyia kabla ya hapo. Kodliva ya kawaida, ile isiyopunguzwa vitamini, kijiko kidogo cha chai kina kama yuniti 4,500 za vitamini A na 450 za vitamini D. Yuniti ni zile zinazoandikwa IU kwenye lebo. Kijiko kikubwa ni vidogo vitatu, kwa hiyo ni kama 13,600 za A na 1,360 za D. Asubuhi na jioni zinakuwa 27,200 za A. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kikomo chake kwa siku ni 2,000. Huyu wetu alikuwa anapewa zaidi ya mara kumi na tatu ya kikomo, kila siku, kwa miezi. Vitamini D ambayo watu wengi huiogopa ilikuwa 2,720, na kikomo chake ni 2,500, yaani ilipita kidogo tu. Kinachoumiza watoto kwenye kodliva ni A, na D inakuja nyuma yake.

Tena hata kijiko kidogo, kikitolewa kila siku, kinapita kikomo cha mtoto wa umri huo. Bibi alitoa kwa siku chache akaacha, na mwili ukapata nafasi. Vitamini A haitoki kwenye mkojo kama vitamini C. Inahifadhiwa kwenye ini, leo juu ya jana, mpaka ini linajaa na nyingine inamwagika kwenye damu. Ndipo kichwa, mifupa na ngozi vinapoanza kusema. Muuguzi alimpapasa tumbo akasikia ini limeteremka chini ya mbavu, akatutuma kwa daktari siku hiyo hiyo, damu ikapimwa kalisi na ini.

Dawa yake ilikuwa kuacha. Kodliva ikasimamishwa, na sirapu ya vitamini aliyokuwa nayo pembeni, maana nayo ilikuwa na A. Daktari akaandika kwenye kadi kwamba kile kidonge chekundu cha vitamini A cha yuniti 200,000, wanachopewa watoto Aprili na Oktoba, kisubiri mpaka aruhusu mwenyewe. Nikamuuliza mbona hicho ni kikubwa zaidi? Akasema kile hutolewa mara moja kwa miezi sita, kwa watoto ambao ghala lao la ini mara nyingi ni tupu. La huyu limefurika. Kutapika kulikoma mapema, miguu ilichukua wiki nyingi.

Kwa wifi, daktari alikasirika kuliko mimi. Mjamzito haruhusiwi kodliva hata kidogo, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu vitamini A ya namna hii, retinoli, ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Kijiko kimoja kikubwa kinazipita. Namshukuru Mungu kichefuchefu kilimkataza, alionja mara chache akaacha. Akaambiwa ale viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mboga ya dodo, kwani A ya kwenye mboga na viazi mwili hutengeneza kadiri unavyohitaji tu.

Nilirudi dukani na chupa pamoja na kibandiko. Binti yule yule akaniambia, "Mbona wengine wanakunywa na hawaumwi?" Mwenye duka akaniahidi kunirudishia pesa. Pesa!

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kodliva itolewe madukani kabisa. Nimefuta. Mafuta yenyewe ni mazuri, yametibu matege ya watoto Ulaya tangu zamani, na mtoto anayefungiwa ndani ya fleti bila jua hata hapa Kampala anaweza kuhitaji D. Mafuta ningeyapa nyota nne, yakiwa na kipimo chake na mtu wa kukieleza. Ila nikikumbuka ile miguu, nne siwezi kuziweka. Naweka mbili. Duka naliwekea moja kwa kuwa sifuri haikubaliki.

Kama mmenunua chupa isiyo na boksi wala kikombe, bandueni bei msome kilicho chini yake kabla ya kumpa mtoto. Na kama mtoto ameshaanza kubanduka viganja na kulia akishikwa miguu, pelekeni chupa hiyo hospitali pamoja naye.