TAHADHARI: Mnunuzi wa dagaa Mwaloni anayelipa kwa hundi zenye kosa la makusudi

Ndugu zangu wa Mwaloni na wa mialo yote ya huku Mwanza, yule mnunuzi wa Fuso mnayemjua amemliza mama yetu wa kizimba cha pembeni. Mzigo umeondoka, pesa hakuna. Mama anaona aibu hata kulisema, na wala hastahili aibu hiyo. Mwizi ni yule.

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, magunia 58 yameshapakiwa na turubai limefungwa. Kila gunia 85,000, jumla 4,930,000. Jamaa akatoa kitabu cha hundi chenye jina la kampuni, akaandika mbele ya macho ya mama, akapiga muhuri, akachana. Nani asingeamini? Mara mbili alikuwa amenunua kwa fedha taslimu na hakuomba hata kupunguziwa. Kwenye kisanduku cha tarakimu aliandika vizuri kabisa: 4,930,000. Mama akatazama hapo, akakunja, akaweka kwenye pochi.

Kwenye mstari wa maneno palisomeka: "Milioni nne laki tisa na elfu tatu tu." Elfu tatu, si elfu thelathini. Jumamosi hundi ikapelekwa benki, Jumanne ikarudi na karatasi inayosema maneno na tarakimu havilingani. Fuso ilishapita Tunduma.

Tunasema ni makusudi kwa sababu hundi ikirudi kwa kukosa fedha, udanganyifu unaonekana na unaweza kumfungulia mtu kesi. Ikirudi kwa kosa la uandishi, benki haisemi lolote kuhusu salio. Mtoa hundi anasema "samahani, kalamu iliteleza, nakuandikia nyingine", na ukienda polisi unaambiwa hayo ni madai ya kawaida, mkaelewane. Kweli kisheria maneno ndiyo yanayoshinda tarakimu, lakini usitegemee hilo dirishani: karani hatakuchagulia kiasi, anairudisha hundi.

Akaandika ya pili. Safari hii kiasi kililingana, ila tarehe ilikuwa ya wiki mbili mbele, na benki hailipi hundi kabla ya siku iliyoandikwa juu yake. Wiki mbili zilipotimia ikarudi tena, maana mlipwaji alikuwa ameandikwa kwa jina lililo kwenye bango la kizimba, wakati akaunti ya mama ni ya majina yake matatu. Na hata jina lingekuwa sawa, chini palikuwa na nafasi mbili za saini, imejazwa moja. Muhuri mkubwa wa buluu umekaa pale pa pili, na muhuri si saini! Sasa simu haipatikani.

Huyu akikamatwa asiachiwe kwa "tutalipana". Alipe mzigo wote, gharama za mama kuhangaika benki, na afikishwe mahakamani kwa kujipatia mali kwa udanganyifu.

Ukipewa hundi, anza na maneno, uyasome kwa sauti hadi "tu", ndipo uende kwenye tarakimu. Sifuri moja hujificha kati ya tatu na thelathini, mbili na ishirini. Tarehe iwe ya leo au iliyopita, na angalia mwaka: hundi iliyozidi miezi sita haipokelewi, na Januari watu huandika mwaka uliopita kwa mazoea. Jina liwe lile lililo kwenye kadi yako ya benki. Penye kukwanguliwa au wino wa rangi mbili, mwambie aandike nyingine hapo hapo, kabla turubai halijafungwa.

Saini huwezi kuithibitisha, kwa sababu mfano wake uko kwenye benki ya mtoa hundi. Unachoweza ni kuhesabu nafasi za saini na kuona zote zimejazwa. Salio pia hulioni. Kwa hiyo hundi safi kabisa bado si pesa, na karatasi ya kuwekea iliyogongwa muhuri inathibitisha tu kwamba umeikabidhi. Hata kiasi kikionekana kwenye akaunti, uliza karani kama kimeshaiva na unaweza kukitoa. Mzigo ubaki ghalani hadi ajibu ndiyo. Mnunuzi anayesema gari haliwezi kusubiri, aende na gari lake tupu.

Tumesikia ameonekana Igombe na Kayenze. Kama nawe una hundi yake iliyorudi, usimrudishie ile ya kwanza ili akupe mpya, hivyo ndivyo anavyofuta ushahidi. Itunze pamoja na karatasi ya benki yenye sababu, piga picha pande zote mbili, uje nazo ofisi ya uongozi wa soko. Za mama ni mbili. Zikiwa tano au sita zenye makosa ya aina hiyo hiyo, hataweza tena kusema kalamu iliteleza.