Nilipanga kazi tarehe 31, Februari ikaivuruga

Nyota tatu kwa programu hii ya vikumbusho, na sababu ni hii.

Kila mwisho wa mwezi nafunga hesabu. Januari nikaweka kikumbusho cha tarehe 31, kirudie kila mwezi. Februari kikalia tarehe 28, nikafurahi: kumbe inajua kwamba Februari haina 31! Machi nayo kikalia tarehe 28. Nikafunga hesabu bila kuangalia kalenda, na mauzo ya siku tatu yakabaki nje.

Kilichotokea ni kwamba programu haikumbuki 31 niliyoiandika. Kila kazi inapokamilika, inachukua tarehe ya mwisho na kuongeza mwezi mmoja. Januari 31 ikakatwa hadi Februari 28, halafu kuanzia hapo hesabu zote zikaendelea kutoka 28. Ukishashushwa na Februari hupandi tena. Hakuna ujumbe wala onyo, na ukitazama orodha unaona tu "kila mwezi".

Basi nikahamia kalenda ya simu, nikaanzia Machi 31. Aprili kimya. Nilidhani nimezima sauti. Nilipofungua mwezi mzima nikakuta Aprili haina kitu, tukio linalofuata ni Mei 31. Hili si kosa la kalenda. Kanuni ya iCalendar, muundo ambao programu za kalenda hutumia kuandika matukio, yaani RFC 5545 ya mwaka 2009, inasema tarehe isiyokuwepo inarukwa. Kwa hiyo "tarehe 31 kila mwezi" hutokea mara saba tu kwa mwaka: Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hazihesabiwi.

Kati ya hizo mbili, mimi heri ile inayoruka. Nafasi tupu angalau unaiona ukipekua kalenda, lakini kikumbusho kinacholia siku tatu kabla kinakudanganya kwamba mambo yako sawa.

Dawa ni kuacha kutaja 31 na kuhesabu kutoka mwisho wa mwezi. Kalenda yangu haikuwa na kitufe cha "siku ya mwisho ya mwezi", ila ilikubali kuingiza faili la `.ics`, yaani faili la iCalendar. Nikaanzisha tukio Mei 31 na kuweka mstari huu:

```
RRULE:FREQ=MONTHLY;BYMONTHDAY=-1
```

Ile `-1` maana yake siku ya kwanza ukihesabu kutoka nyuma. Kabla ya kuiamini nilisogeza kalenda mbele: Juni ikaonyesha 30, Julai 31, na Februari 2028, mwaka mrefu, ikaonyesha 29. Ukitaka kuijaribu yako, usiishie Februari. Tazama Machi kama imerudi 31.

Programu ya vikumbusho bado ninayo, kwa kazi za tarehe 5 na 10 tu. Huko haijawahi kunikosea.