Kipimo cha malaria nilichopimwa Mwanga, Kigoma: tano iliyogeuzwa sita

Sielezi kipimo cha malaria kinavyotumika. Kigoma hii nani hajatobolewa kidole? Nina hasira na tarakimu moja tu.

Majuzi, mvua zikiwa bado hazijakatika, nilishikwa na homa na kichefuchefu, na siku zangu zilikuwa zimepitiliza. Nikaingia duka moja la dawa pale Mwanga, nikanunua kijiti cha mimba na kuomba nipimwe malaria. Kijana akachomoa kifuko kwenye boksi lililokaa ndani ya kabati la kioo, jua la saa nane likilichoma. Akanitoboa. Baada ya dakika kumi na tano ukatokea mstari mmoja, ule wa C. “Huna malaria, dada. Hiyo ni mimba.” Akanikabidhi kifuko na kaseti nikatupe mwenyewe. Nikavitia mkobani, nikasahau.

Asubuhi kijiti cha mimba kikatoa mistari miwili. Basi nikaona kijana ni mganga! Homa yote nikaisukumia mimba, nikalala nayo siku mbili, hadi nikatetemeka kitanda kikalia. Wifi yangu akanipakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Damu ikaangaliwa kwa hadubini, wadudu wakaonekana. Kaseti yao nayo ikatoa mstari wa T, ule wa malaria yenyewe, mwekundu kabisa.

Nilipomwonyesha mzee wa maabara ile kaseti yangu, alichotaka ni kifuko. “Piga picha, mwanangu, mwanga uje kwa upande, halafu ivute.” Kwa macho EXP, yaani tarehe ya kuisha, ilisomeka 2026-05. Kwenye picha, tarakimu zote zilikuwa za nukta nukta, kama mashine inavyochapa, isipokuwa ile sita. Juu ilikuwa na nukta. Tumbo lake lilifungwa kwa mstari mzima, usiokatika. Ilikuwa tano. Akasugua kwa pamba ya spiriti, tumbo likaondoka, tano ikabaki imepauka. Akanionya nisitangaze kila wino unaofutika kuwa feki, maana hata wino wa kiwandani hufifia kwa spiriti. Cha kutazama ni tarakimu moja kuandikwa kwa mkono tofauti na wenzake.

Ndani ya kifuko kulikuwa na kile kipakiti cha punje za kukausha unyevu. Za aina ile huwa za chungwa zikiwa kavu. Zangu zilikuwa za kijani. Maana yake unyevu ulishaingia, na unyevu pamoja na joto huua kingamwili zilizopakwa kwenye utepe. Nikauliza, mbona C ilitokea? Akasema C huonyesha kuwa maji yamepita na rangi imefanya kazi pale. Haithibitishi kwamba T bado inaweza kumkamata mdudu. Hata ukisahau kuweka damu, C inaweza kutokea.

Nilipopata nguvu nikarudi dukani. Nikaomba kuona boksi. “Kwani wewe ni daktari?” Mbele ya watu! Akaendelea kubonyeza simu yake. Nami nikapiga boksi picha kupitia kioo. LOT, namba ya toleo la kiwandani, ilikuwa ileile ya kwenye kifuko changu, ila EXP ya boksi ilisomeka 2025-05. Loti moja haiwezi kuwa na tarehe mbili za kuisha. Nilipomsomea, akasema boksi ndilo limekosewa.

Nilitaka kuandika kwamba duka zima ni la feki. Lakini niseme kweli: kifuko chenyewe kilikuwa na jina la kiwanda, herufi hazina makosa, mshono wa foili umenyooka. Pengine hakikuwa feki kabisa, kilikuwa halali kikafa rafuni, mtu akakifufua kwa kalamu. Na mzee alisema homa ikiwa mbichi, wadudu wachache, hata kipimo kizima kinaweza kukosa. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kalamu ndiyo iliyonilaza siku mbili. Hilo haliondoi kalamu. Picha zote mbili nimezipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kijiti cha mimba nilikuwa nakisifu. Kliniki wamethibitisha, nami nilisema hicho ningenunua tena palepale. Ila juzi nimepita. Boksi la malaria halipo, na pale lilipokuwa, juani, wamepanga vijiti vya mimba.