Dawa za kulainisha choo: ipi ununue, na kwa nini dokuseti iwe ya mwisho

Nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya dawa, na dokuseti ni kidonge ambacho watu hukiomba kwa jina lake. Wengi waliandikiwa walipotoka hospitali, wakabaki nayo. Maswali yao hufanana.

Dokuseti hufanya nini hasa?
Kazi yake ni kama ya sabuni. Inapunguza mvutano kati ya maji na mafuta ili maji yaingie ndani ya kinyesi na kukilainisha. Haiusukumi utumbo. Kwa maneno inapendeza, na katika chombo cha maabara inaonekana. Shida inaanza ikifika tumboni kwa mtu.

Kuna ushahidi kuwa inafanya kazi?
Mdogo mno. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu 170 waliokuwa na tatizo la kufunga choo la muda mrefu. Kundi moja lilipewa dokuseti miligramu 100 mara mbili kwa siku, jingine likapewa maganda ya mbegu za ispagula. Baada ya wiki mbili, maji katika choo cha waliotumia ispagula yaliongezeka kwa asilimia 2.33. Kwa waliotumia dokuseti yaliongezeka kwa asilimia 0.01, yaani karibu na sifuri. Dawa iliyopewa jina la kulainisha ndiyo iliyoshindwa kulainisha.

Mwaka 2013 ukatoka mwingine, wa wagonjwa 74 waliokuwa katika huduma ya mwisho wa maisha nchini Kanada. Wote walipewa sanamaki. Nusu waliongezewa dokuseti na nusu wakaongezewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya siku kumi hapakuonekana tofauti ya maana: si idadi ya choo, si ulaini wake, si urahisi wa kwenda haja.

Basi ninunue nini?
Mimi huzipanga hivi.

Ya kwanza ni makrogoli, unga usio na ladha kali. Pima gramu 17, koroga katika glasi ya maji, kunywa mara moja kwa siku. Haifyonzwi mwilini kwa kiasi cha maana. Inashikilia maji ndani ya utumbo mpaka yatoke na choo. Ipe siku moja hadi tatu. Wengi huiacha siku ya pili wakidhani imeshindwa, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Ya pili ni sanamaki au bisakodili. Hizi huusukuma utumbo wenyewe. Meza usiku, utakwenda haja asubuhi, maana huchukua saa 6 hadi 12. Tumbo linaweza kusokota. Likizidi, punguza dozi.

Ya tatu ni ispagula, nzuri kwa mtu anayekula nyuzinyuzi kidogo na ambaye hana haraka. Anza na kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi. Lazima inywewe na glasi nzima ya maji, kwani ikinywewa kavukavu huvimba na kukwama kooni.

Laktulosi ni ya nne. Inafanya kazi, lakini ni tamu sana na gesi yake inakera.

Dokuseti ninaiweka mwisho. Madhara yake ni machache, hilo ni kweli. Hasara yake kubwa ni siku unazopoteza ukiisubiri.

Nipe mfano.
Mzee amefanyiwa upasuaji wa goti na anameza kodeini kwa ajili ya maumivu. Anakunywa dokuseti asubuhi na jioni, na leo ni siku ya nne hajapata choo. Hapa kosa ni la msingi: kodeini imeupooza mwendo wa utumbo, naye amepewa dawa isiyosukuma chochote. Ningempa vidonge viwili vya sanamaki usiku, na kama asubuhi hajafanikiwa, aongeze makrogoli. Ispagula nisingempa, kwa sababu kuongeza mzigo kwenye utumbo uliolala ni kuuzidishia foleni.

Vidonge vyenye dokuseti na sanamaki pamoja je?
Soma viambato kwenye boksi. Kinachofanya kazi humo ni sanamaki, na mara nyingi ukiinunua peke yake unalipa kidogo. Kama unatumia mafuta ya madini ya kulainisha choo, usiyachanganye na dokuseti, kwa kuwa inaweza kuyafanya yafyonzwe mwilini.

Ni lini nisinunue chochote?
Ukiwa na maumivu makali ya tumbo, unatapika na hata hewa haitoki, usimeze dawa yoyote ya kusukuma. Huenda utumbo umeziba, nenda hospitali sasa hivi. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, au choo kubadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50, hayo ni ya daktari kabla ya kuja kwangu.