Akaunti ya akiba yenye riba ya madaraja: nyota moja, na hiyo ni ya dada mmoja tu

Sina ugomvi na programu yao ya simu wala na foleni. Ugomvi wangu ni riba, na kijana wa kaunta aliyenijibu bila hata kuinua macho.

Kilichonivuta ni tangazo lao: shilingi 50,000 za kwanza zinapata asilimia 3 kwa mwaka, kutoka hapo hadi 200,000 asilimia 5, na zinazozidi hapo asilimia 7. Kila fungu na riba yake. Salio langu lilikuwa 320,000, na kuna mwezi wa siku 30 ambao sikuweka wala kutoa hata senti. Mwezi wa namna hiyo ndio wa kuhakikia, maana salio la kila siku ni lile lile na hakuna wa kukuzungusha.

Nikapiga hesabu. Fungu la kwanza 1,500 kwa mwaka, la pili (150,000) 7,500, la juu (120,000) 8,400. Jumla 17,400. Zidisha kwa 30, gawa kwa 365, unapata 1,430.14. Taarifa ya akaunti ikasema riba 1,232.88, na mstari wa chini yake kodi 184.93.

"Mama, hiyo ni kodi ya serikali, kila mtu hukatwa."

Nikamwambia, mwanangu, kodi ina mstari wake. Hiyo 184.93 ni asilimia 15 ya 1,232.88, kwa hiyo pesa yangu ilipungua kabla kodi haijaguswa. Akasema mfumo haukosei, akamwita mteja mwingine nikiwa bado nimesimama pale!

Pengo lenyewe ni 197.26. Lizidishe kwa 365, gawa kwa 30: 2,400. Hiyo ni asilimia 2 ya 120,000 barabara. Yaani fungu la juu lililipwa 5 badala ya 7, na mafungu ya chini hayakuguswa. Ukitazama jumla peke yake huoni kitu, kwa sababu bado ni riba ya kuridhisha. Lazima ulitenge kila fungu.

Dada mmoja wa ofisi za ndani aliipokea karatasi yangu kwa heshima, akaipitia mstari kwa mstari na kikokotoo, akakiri kwamba daraja la tatu halikuwa limewashwa kwenye akaunti yangu. Pesa ikarudi wiki hiyo hiyo. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota nne.

Halafu nikatazama vizuri: wamerudisha mwezi mmoja tu. Salio langu lilishavuka 200,000 miezi kadhaa kabla ya hapo! Kama daraja lilikuwa limezimwa, lilikuwa limezimwa miezi yote hiyo, na wao wanajua. Nyota nne nimezifuta. Barua ya kudai iliyobaki nimeipeleka, nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na kila mwezi nimeuandikia mafungu yake matatu.