Kamera ya Kuhesabia Magari na Waenda kwa Miguu: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Muuzaji wa kamera huanza kwa kutaja ukubwa wa picha, lakini kwa mtu anayetaka kuhesabu magari yanayopita mahali fulani, swali la kwanza ni fremu ngapi kamera inarekodi kwa sekunde. Sababu imo katika namna programu rahisi ya ufuatiliaji inavyofanya kazi. Hutambua kila chombo katika fremu, hukizungushia kisanduku, kisha hulinganisha visanduku vya fremu hiyo na vya fremu iliyotangulia. Visanduku viwili vinavyolaliana vya kutosha huhesabiwa kuwa vya chombo kimoja na hupewa namba ileile. Kipimo cha kulaliana ni eneo ambalo visanduku vyote viwili vinalifunika, likigawanywa kwa eneo lote ambalo vinalifunika kwa jumla, na kikomo kinachotumika mara nyingi ni 0.3. Namba hiyo ikishapatikana, kuhesabu kwenyewe ni jambo dogo. Unachora mstari wa kufikirika juu ya picha ya barabara, na kila chombo kinachouvuka kuelekea chini ya picha huhesabiwa mara moja:

```python
if y_kabla < MSTARI <= y_sasa and namba not in waliohesabiwa:
    waliohesabiwa.add(namba)
    jumla += 1
```

Chombo kinachopoteza namba yake karibu na mstari hakihesabiwi, na kinachopewa namba mpya kabla hakijauvuka vizuri huweza kuhesabiwa mara mbili pale kisanduku chake kinapochezacheza juu ya mstari.

Tuchukue barabara ambayo magari huenda kilomita 60 kwa saa, yaani takriban mita 16.7 kwa sekunde, na kamera inayoitazama kwa ubavu. Kamera ikirekodi fremu 5 kwa sekunde, gari husogea mita 3.3 kati ya fremu mbili. Gari dogo lenye urefu wa mita 4.5 litabakiwa na mita 1.2 tu za kulaliana kati ya mita 7.8, yaani 0.15, nalo litapotea. Kwa fremu 10 kipimo hupanda hadi 0.46, na gari hilo hufuatiliwa bila taabu. Pikipiki yenye urefu wa mita 2, hata hivyo, kwa fremu hizohizo 10 hupata 0.09 tu, na ni mpaka fremu 25 ndipo inapofika 0.5. Kwa hiyo hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa kwa magari huku pikipiki zikikosekana kwa wingi, na anayeangalia jumla peke yake asigundue lolote. Programu zinazokisia mahali chombo kitakapokuwa katika fremu inayofuata hupunguza tatizo hili, lakini nazo huhitaji kukiona mara kadhaa kabla ya kujua mwendo wake. Mwenda kwa miguu, anayetembea takriban mita 1.4 kwa sekunde, hutoshelezwa na fremu 10.

Kwa msingi huo, chaguo la kwanza ni kamera ya mtandao isiyozunguka, yenye lenzi inayoweza kurekebishwa ukubwa wa mtazamo, inayotoa video kwa RTSP, yaani utaratibu wa kurusha video moja kwa moja kupitia mtandao, kwa fremu 25 kwa sekunde mfululizo, ikiunganishwa na kompyuta yako mwenyewe. Faida yake kubwa ni kwamba video inabaki mikononi mwako: ukigundua kuwa mstari uliwekwa vibaya, unauhamisha na kuhesabu upya juma lote. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 inatosha. Programu nyingi za utambuzi, zikiwemo za jamii ya YOLO, kwa kawaida hupunguza picha hadi pikseli 640 kabla ya kuichambua, hivyo mtu mwenye kimo cha pikseli 60 katika picha ya awali hubaki na 20 tu. Dawa ya hilo ni lenzi inayokaza mtazamo kwenye eneo la mstari. Kulipia picha kubwa zaidi ambayo itapunguzwa vilevile hakusaidii sana.

Kabla ya kuchagua kamera ya aina hii, soma mipangilio yake ya usiku. Kamera nyingi hurefusha muda ambao kila fremu inapokea mwanga giza linapoingia, na baadhi hupunguza fremu ili kufanya hivyo bila kumwambia mtumiaji. Fremu ikipokea mwanga kwa 1/25 ya sekunde, gari letu la kilomita 60 huacha ukungu wa sentimita 67 kwenye picha. Kwa 1/250 ukungu huo hushuka hadi chini ya sentimita 7. Kamera isiyokuruhusu kufunga kiwango hiki kwa mkono isinunuliwe kwa kazi ya usiku, hata ikisifiwa kiasi gani.

Kamera nzuri pia huharibiwa na nguzo fupi, kwa hiyo bei ya nguzo iingizwe katika hesabu ya ununuzi. Kamera ikiwa juu mita 6, lori la kimo cha mita 4 lililo umbali wa mita 20 huficha mita 40 za barabara nyuma yake. Kamera hiyohiyo ikipandishwa hadi mita 10, sehemu inayofichwa hupungua hadi takriban mita 13. Kwa waenda kwa miguu wanaotembea kwa makundi, urefu ni muhimu zaidi ya fremu, kwa kuwa watu watatu walioshikamana huonekana kama kisanduku kimoja mpaka watazamwe karibu kutoka juu kabisa.

Chaguo la pili ni kamera inayohesabu yenyewe ndani yake. Haihitaji kompyuta, na katika njia tulivu ya watembeao hufanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba nyingi hutoa namba tu, na namba isiyo na video haiwezi kukaguliwa. Inunue endapo tu inahifadhi video pamoja na hesabu.

La tatu ni simu au kamera ndogo ya michezo iliyofungwa kwenye nguzo. Inafaa kwa hesabu ya saa chache, mchana. Lenzi yake pana hupinda kingo za picha, hivyo mstari uwekwe katikati. Vilevile kamera nyingi za michezo hukata video ndefu kuwa mafaili kadhaa. Programu ikianza upya katika kila faili, chombo kilichokuwa juu ya mstari wakati huo hupotea.

Kamera inayozungukazunguka iachwe, kwa kuwa ikigeuka mstari hauko tena barabarani pale ulipowekwa. Ile ya betri inayoamka inapohisi mwendo ni mbaya zaidi: huchelewa kuamka, na magari ya haraka, yaani yaleyale yaliyo magumu kufuatilia, ndiyo hupita kabla haijaanza kurekodi.

Kabla ya kulipa, omba video ghafi ya dakika 10 iliyorekodiwa jioni taa zinapowashwa, uihesabu kwa macho, kisha uilinganishe na programu chombo kwa chombo. Tuseme umeona vyombo 200 na programu imesema 198. Inaonekana vizuri, lakini huenda imekosa 14 na kurudia 12. Tenganisha pande mbili za barabara na aina za vyombo, uangalie kila kimoja kilichokosekana kilikuwa wapi: kama vyote ni pikipiki, tatizo ni fremu, kama vyote vilikuwa nyuma ya malori, tatizo ni nguzo, na kamera nyingine ya bei kubwa zaidi haitaliondoa.